Makarasha ya Kerende na Simu ya Oslo

Bupe Ambokile anafanya kazi ambayo Kerende nzima imekataa kuiita kazi. Anajifungia chumbani, anavaa hedifoni, anasikiliza watu asiowajua wakiongea, kisha anaandika walichosema. Mama Nyangwine, mwenye nyumba, aliwahi kumweleza mpangaji mgeni hivi: "Yule mdogo wake nesi hayuko sawa sana, lakini hasumbui mtu."

Nesi ni dada yake, Jesca, ambaye serikali ilimtoa Tukuyu ikamleta kwenye zahanati ya huku Kerende, Nyamongo, bila kumuuliza kama anapenda vumbi. Bupe alikuja kumtembelea kwa wiki mbili. Sasa anamaliza mwaka wa pili, na kitanda ni kile kile kimoja.

Kazi alikuwa anazipata kwenye tovuti moja ya watu wanaotafuta vibarua duniani kote: leo dakika kumi za mahubiri, kesho nusu saa ya kikao cha ushirika ambamo mwenyekiti anakohoa kuliko anavyoongea. Vipande vipande. Jesca akachoka. "Mdogo wangu," alimwambia, "mwisho wa mwezi huu unionyeshe kazi inayoeleweka, au urudi kwa shangazi ukauze mitungi ya gesi. Nimeshampigia, ameshakuandalia stuli."

Ndipo ikaja barua pepe ya Ragnhild.

Ragnhild yuko Oslo. Yeye na wenzake walikuwa wamewarekodi wakulima wa Susuni wakizungumzia mvua na mbegu za mahindi, saa sitini za mazungumzo, na walitaka mtu wa kuyaandika yote na kuyatafsiri. Kazi ya miezi sita. Wakulima wenyewe walikuwa wameongea kama watu wa huku wanavyoongea: sentensi inaanza kwa Kiswahili, ikipata moto inahamia Kikurya. Wasifu wa Bupe ulikuwa umempendeza. Kilichobaki ni simu ya video ya nusu saa, wafahamiane, naye Bupe amwonyeshe kwenye skrini jinsi anavyofanya kazi.

Sasa tuuseme huo wasifu. Siku Bupe anaujaza, tovuti ilimwambia umekamilika kwa asilimia themanini, na kwamba akiongeza lugha moja tu utafika mia. Nani anapenda themanini? Akaongeza: Kikurya, vizuri sana. Kikurya chake kilikuwa salamu, "punguza bei", na matusi matatu aliyofundishwa na makonda. Alijipa moyo kwamba hakuna Mnorwe atakayemfanyia mtihani.

Kwa hiyo hofu yake yote aliihamishia kwenye mitambo.

Hofu ya kwanza ilikuwa saa. Walikubaliana katikati ya Machi kwamba simu itakuwa Alhamisi ya mwanzo wa Aprili, saa tatu asubuhi ya Oslo. Bupe akajumlisha saa mbili za tofauti, akapata saa tano yetu, akaandika ukutani kwa kalamu ya marker. Mwaliko ulipoingia kwenye kalenda ya simu, ukasema saa nne. Akadhani kalenda imeugua. Alipochunguza akagundua kwamba wenzetu, Jumapili ya mwisho ya Machi, huamua kwa pamoja kuwa saa nane usiku ni saa tisa, wakalala zao, na tofauti yetu nao ikabaki saa moja. Hawa ndio watu wanaotusema kwamba hatuheshimu muda.

Akafuta tano, akaandika nne.

Ya pili, mtandao. Laptop yake hula intaneti kutoka kwenye simu, na simu hukamata vizuri sehemu moja tu ya chumba, kwenye nondo ya dirisha. Walifanya jaribio na Jesca akiwa zahanati. Nusu saa ikameza karibu nusu GB, na robo ya hiyo ilikuwa laptop yenyewe kwa siri, ikijipakulia masasisho yake. Bupe akaingia kwenye mipangilio, akaiambia kompyuta kuwa intaneti hii ni ya kupimwa, ya bando la kulipia, ikatulia. Katikati ya jaribio shangazi akapiga simu kuuliza stuli. Simu ilipoanza kuita tu, intaneti ikakatika na uso wa Jesca ukaganda mdomo wazi. Kuzima mlio hakukusaidia. Simu ikiingia, hata kimya kimya, data inasimama. Dawa yake ikawa kununua laini mpya ambayo hakuna binadamu anayejua namba yake. Laini ya zamani akaihamishia kwenye kitochi, kile kisimu chake kidogo cha vitufe, akakizima.

Ya tatu, sura. Kwenye jaribio alikuwa ameketi amelipa dirisha mgongo, na Jesca akamwambia anafanana na shahidi anayeficha sura kwenye taarifa ya habari. Akageuza meza, mwanga ukampiga usoni. Laptop akaipandisha juu ya ndoo ya unga ili kamera imtazame machoni, maana ilivyokuwa mwanzo ilikuwa inamchungulia puani. Ukuta wa nyuma wenye mabegi na sufuria akaufunika kwa pazia. Alijaribu ile picha ya bandia ya ofisi yenye maua. Kompyuta ikapata moto, kisha ikamkata sikio moja. Pazia likabaki. Juu alivaa koti la Jesca la usaili, chini kitenge na malapa.

Sasa ikabaki kelele.

Nyuma ya ukuta wa Mama Nyangwine kuna makarasha matano, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Ni mapipa ya chuma yenye vyuma tumboni, yanazunguka kuanzia jua likichomoza. Watu wa Kerende hawayasikii tena, kama wewe usivyosikia moyo wako. Bupe alijirekodi kwa kinasa sauti cha simu akijitambulisha kwa Kiingereza. Aliposikiliza, alisikia dudududu moja ndefu na kwa mbali mwanamke anayezama. Akamuuliza Jesca kama kwenye lile jaribio la video aliyasikia. "Makarasha gani?" Jesca akajibu. Bupe hakumwamini. Masikio ya Kerende si shahidi.

Jumatano akavaa viatu akaenda kwa Masele.

Masele ni Msukuma wa Kahama, mwenye makarasha mawili na sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya makarasha mawili.

"Shikamoo, kaka Masele."

"MARAHABA! Nesi mdogo! Umeleta sindano?"

"Nimeleta ombi. Kesho saa nne mpaka saa nne na nusu, naomba mzime mashine."

Masele akamwangalia kama mtu aliyeombwa azime jua. "Kuna nini?"

"Naongea na mzungu."

"Anakuja hapa?"

"Yuko kwao. Kwenye kompyuta."

"Sasa si yuko kwao? Kelele ya hapa inamfikaje kwao?"

"Ndiyo inavyofika, kaka. Mimi nikiongea anasikia mashine yako."

Masele akageuka kuzitazama mashine zake, akionekana kuguswa. Karasha lake, kusikika Ulaya. "Na akisikia kuna ubaya gani? Ajue watu wanafanya kazi."

"Atanikosesha kazi mimi."

"Haya." Akajikuna shingo. "Mkanda wa hili moja umechakaa, nilikuwa nibadilishe kesho. Hao wengine watatu nitawaambia. Ila mwambie huyo mzungu kuna mtu anaitwa Masele."

"Nitamwambia."

"Kwa jina, dada Bupe! Usiseme 'mtu mmoja'."

Alitoka pale akiwa mwepesi. Hakuna aliyewaza, si yeye, si Masele, kwamba pale Kerende makarasha matano hayanyamazi kwa pamoja hivi hivi. Umeme ukikatika, jenereta zinawaka kabla hujamaliza kulaani. Yananyamaza yote kwa jambo moja tu: kifusi kimefunika watu kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, na wachimbaji wamezima kila kitu ili wasikie kama chini kuna anayegonga. Bupe ni mtu wa Tukuyu. Kule kimya ni kimya tu.

Alhamisi, saa nne kasoro tano, akabofya kiungo. Skrini ikamwambia asubiri, mwenyeji atamruhusu muda si mrefu. Akasubiri akiwa amekaa wima, anatabasamu kwa mtu ambaye hajafika. Saa nne kamili, karasha la kwanza likazima. La pili. La tano. Kimya kikaingia chumbani mpaka akasikia saa ya ukutani, ambayo miaka miwili hakujua kuwa ina mlio.

Ragnhild akatokea. Nywele mbichi, fulana iliyofifia, nyuma yake masufuria ambayo hakuna aliyefikiria kuyafunika kwa pazia. Alikuwa anakula mkate. Bupe akalifunga koti lake vizuri na kuhisi amevaa kama wakili wa mtu aliyeshtakiwa.

Wakaongea kwa Kiingereza, na mambo yakaenda. Dakika tano za mwanzo zilikuwa asali. Ragnhild akauliza anavyoweka alama za muda kwenye maandishi. Bupe akajibu: kila mzungumzaji anapobadilika, na kila sekunde thelathini kama anayeongea ni mmoja na hataki kuacha. Akauliza afanyeje neno lisiposikika. Bupe akasema habahatishi, anaandika "haisikiki" na dakika yake. Ragnhild akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa nionyeshe," akasema.

Hapa pana vitufe viwili. Kimoja kinaonyesha dirisha moja tu la kompyuta, kingine kinaonyesha skrini nzima na kila kinachotokea juu yake. Kwa wiki nzima Bupe alijikumbusha: dirisha moja. Kidole kikakosea, kikabofya skrini nzima.

Akafungua sauti ya mfano, akaanza kueleza jinsi anavyorudisha nyuma sekunde tatu kwa kitufe bila kuondoa mikono kwenye herufi. Kwenye kona ya skrini kikachomoza kiboksi kidogo. Lilikuwa kundi la WhatsApp la wapangaji, ambalo alisahau kulifunga.

*Makarasha yamezima yote. Ni nani?*

Kikafifia. Kikaja kingine.

*Duara la upande gani jamani?*

*Poleni sana wana Kerende.*

*Tunaomba mtu mmoja akusanye michango, safari hii asiwe Filemoni.*

"Hizi ni nini?" Ragnhild akauliza.

"Majirani," Bupe akasema. "Wanauliza nani amekufa."

Ragnhild akaweka mkate chini. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Kuna kimya tu."

Maelezo hayo yalikuwa sahihi kabisa na hayakumsaidia mtu yeyote. Kabla hajaongeza neno, uani pakasikika kilio. Alikuwa Mama Nyangwine. Wenzake nao walikuwa wanaingia getini, maana habari za kifusi hufika kwanza kwa nesi, na nesi anakaa hapo. Sauti tatu, nne, saba, zote kwa Kikurya, zote chini ya dirisha ambalo Bupe alilifungua kwa ajili ya mwanga na mtandao.

Alitafuta kitufe cha kuzima maiki. Ragnhild akamwahi, macho yamemtoka.

"Subiri, usizime! Hicho ni Kikurya? Ndivyo hasa zilivyo rekodi zetu, watu wengi kwa mara moja. Wanasema nini?"

Bupe akasikiliza. Kati ya yote aliyoyasikia alitambua salamu moja na, kama hakukosea, tusi moja kati ya yale matatu.

Angeweza kusema wanasali. Angesema wanasali, Ragnhild angeandika kwenye daftari lake kwamba wanasali, na miezi sita ya kazi ingeanza. Kisha zingekuja saa sitini za Susuni.

Mlango ukasukumwa. Akaingia Mokami, jirani wa chumba cha pili, anayeuza chapati asubuhi, unga mpaka kwenye viwiko.

"We Bupe! Watu wanalia huko nje wewe umevaa koti? Nani amefukiwa?"

"Hakuna. Mimi ndiye niliyeomba Masele azime."

"Wewe?" Mokami akashika kiuno. "Kwa nini usingeomba tu azime mwezi?"

"Mokami, nisaidie. Kimbia umwambie awashe. Waambie na hawa kina mama."

"Huyo ndiye mzungu?" Akainama mbele ya kamera, akajaza skrini nzima. "Hau ayu!"

"Anasema nini yule mama anayelia?" Ragnhild akauliza tena, sasa akimtazama Bupe tu.

Bupe akavuta pumzi. "Sijui," akasema. "Kikurya sikijui. Niliandika uongo."

Oslo pakawa kimya. Hakukuwa na mtu wa kuuliza nani amekufa.

Mokami, ambaye alimaliza kidato cha nne na Kiingereza chake kikabaki masikioni kuliko mdomoni, akadakia kwa Kiswahili: "Mwambie Mama Nyangwine anasema kifo kimechukua kijana mzuri kuliko wote. Hajui ni nani, lakini anasema alikuwa mzuri. Huyu mwenye sauti nene anasema aliota jana akawaambia, wakamcheka. Na huyo wa mwisho halii, anauliza kama kuna aliyebandika maharage, maana watu watakuja wengi."

Bupe akatafsiri neno kwa neno, pamoja na maharage. Hakuwa na cha kupoteza.

Mokami akatoka. Akasikika uani akifoka kwa Kikurya, kikafuata kicheko, kisha sauti ya Mama Nyangwine ikidai kwa Kiswahili kwamba machozi yake hayarudi. Muda si mrefu karasha la kwanza likaunguruma, likafuatwa na mengine. Dudududu ikajaa chumbani, saa ya ukutani ikapotea.

"Samahani sana kwa kelele hii," Bupe akapaza sauti.

"Kelele gani?" Ragnhild akasema. "Na mbona unapiga kelele wewe?"

"Mashine. Huzisikii?"

Ragnhild akainamisha sikio. "Nasikia kama friji kwa mbali. Hii programu inachuja, Bupe. Mlio unaojirudia bila kubadilika inaukata wenyewe. Isichokata ni sauti za watu, kwa sababu inadhani ndizo tunazotaka."

Bupe alikuwa ameipima kelele yake kwa kinasa sauti ambacho hakichuji chochote. Angeacha makarasha yasage, mzungu asingesikia hata moja, kilio kisingekuwepo, na uongo wake ungekuwa umelala salama kwenye wasifu wa asilimia mia.

"Nitakuambia ukweli," Ragnhild akasema, na sura yake haikuwa ya kirafiki. "Wiki hii nimeongea na watu sita. Wote sita wameandika Kikurya, vizuri sana. Mmoja yuko Manila. Siupendi uongo, na kama ungenitungia jibu ningeikata simu hii, kwa sababu neno la msiba kwa Kikurya nimeshalisikia kwenye rekodi zangu mara za kutosha." Akachukua mkate wake. "Yule mwanamke anafanya kazi gani?"

"Anauza chapati."

"Anajua kusoma na kuandika?"

"Na kubishana."

Ikaamuliwa hivi: hakuna mkataba wa miezi sita, bado. Kuna rekodi moja ya majaribio, ya saa nzima. Bupe aandike Kiswahili, Mokami aandike Kikurya, wote wawili watie sahihi hati ya kutunza siri, na maandishi yafike Jumatatu. Yakiwa mazuri, saa sitini ni zao, nusu kwa nusu. Bupe akakubali haraka kabla bando halijaisha. Akakumbuka ahadi, akasema kuna mtu anaitwa Masele. Ragnhild akasema asante, bila kujua ni ya nini.

Jesca alipoambiwa jioni, aliuliza swali moja tu, kama nusu ya miezi sita inaeleweka au haieleweki. Kisha akasema stuli ya shangazi isubiri Jumatatu.

Mokami hakukubali kirahisi. Alitaka kujua kwa nini aliyedanganya apate nusu na aliyesema kweli apate nusu hiyo hiyo. Bupe akamjibu kwamba laptop ni yake. Wakaelewana.

Jumamosi, chapati zilipoisha, waliketi meza moja, kila mmoja na sikio lake la hedifoni. Kwenye rekodi mzee mmoja wa Susuni, jina lake limefichwa kwa namba, alikuwa anaeleza kwa Kikurya jinsi alivyootesha mbegu mpya na kuvuna kuliko kijiji kizima. Mokami alikuwa anaandika kwa kidole kimoja. Ghafla kidole kikasimama.

"Huyu si ni baba mdogo Wangwe!"

"Hatuna ruhusa ya kumjua. Umetia sahihi."

"Simjui, lakini anadanganya! Hiyo mbegu alilishia kuku, nilikuwepo."

"Andika alivyosema."

"Niandike uongo?"

"Uandike wote," Bupe akasema, "na dakika yake."

Mokami akaguna, akarudisha nyuma sekunde tatu, akaanza upya.